Pia ya Goti Iliyotoka na Kurudi Yenyewe: Uvimbe Unakwambia Nini

Watumiaji wengi wa huduma za afya hudhani kwamba pia ya goti ikishatoka mahali pake na kurudi, jeraha limekwisha. Huo ndio msingi wa makosa mengi yanayofuata: goti hukandwa kwa maji ya moto, mgonjwa hurudi mchezoni baada ya wiki moja, na pia hutoka tena. Katika makala haya tunaeleza kinachotokea ndani ya goti, huduma ya kwanza inayofaa, na namna ya kupunguza uwezekano wa tukio hilo kujirudia.

Jinsi pia inavyotoka

Tuchukue mfano wa msichana wa miaka 16 anayecheza mpira wa pete. Amedaka mpira na kutua kwa mguu wa kushoto. Kwa kuwa kanuni za mchezo hazimruhusu kukimbia na mpira, anageuka kulia ili ampasie mwenzake, huku unyayo wa kushoto ukiwa umekita chini. Paja linazunguka kuelekea ndani, lakini mguu chini ya goti haufuati. Wakati huohuo misuli ya mbele ya paja inajikaza na kuivuta pia kuelekea nje. Pia inaruka kutoka kwenye mfereji wake na kukaa upande wa nje wa goti. Msichana anaanguka, ananyoosha mguu kwa maumivu, na pia inarudi kwa mlio.

Mara nyingi aliyeumia husema kuwa pia ilitokea upande wa ndani. Sababu ni kwamba pia ikihama, ncha ya mfupa wa paja hubaki wazi na kujitokeza kama nundu upande huo. Kwa kawaida pia hutoka kwa nje. Kurudi kwake hakumaanishi kuwa hakuna kilichoharibika, kwa kuwa kano linaloishikilia kutoka upande wa ndani huwa limechanika au limevutika sana. Aidha, pia inapopita ukingoni mwa mfereji inaweza kugonga mfupa na kumega kipande cha gegedu, yaani ule utando laini na mgumu unaofunika ncha za mifupa.

Huduma ya kwanza

Mwache majeruhi akae au alale pale alipo, mguu ukiwa umeegemezwa kwa nguo iliyokunjwa. Ikiwa pia bado iko upande, usiisukume wala kuuvuta mguu kwa nguvu. Utegemeze katika hali uliyoukuta na umpeleke majeruhi kwenye kituo cha afya. Ikiwa imesharudi, nyoosha mguu taratibu kadiri anavyoweza kuvumilia, kisha uufunge kwa bendeji ya kunyumbuka kuanzia chini ya goti hadi juu yake. Baada ya kufunga, angalia vidole vya mguu. Vikiwa baridi, vikibadilika rangi au vikifa ganzi, bendeji imekaza mno na inapaswa kulegezwa mara moja.

Weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15 hadi 20, na urudie kila baada ya saa mbili au tatu katika siku mbili za mwanzo. Barafu isiguse ngozi moja kwa moja, kwani inaweza kuiunguza. Pasipo barafu, kitambaa kilicholoweshwa maji baridi kitasaidia. Inua mguu juu ya mto hadi goti liwe juu zaidi ya usawa wa moyo. Katika siku hizo usilikande goti, usitumie maji ya moto wala dawa za kuchua zenye kuchoma, kwa sababu joto na kusuguliwa huongeza damu inayovujia ndani.

Kwa maumivu, parasetamoli hutosha kwa watu wengi. Mtu mzima asizidishe gramu 4, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, katika saa 24. Kwa mtoto, fuata kipimo cha mfamasia. Usimpe majeruhi aspirini, kwa kuwa huongeza uvujaji wa damu.

Kusoma uvimbe

Muda wa kutokea kwa uvimbe ni habari muhimu sana kwa tabibu. Goti linalovimba taratibu hadi kesho yake kwa kawaida limejaa maji ya kiungo. Goti linalojaa ndani ya saa mbili hivi, likawa gumu na lenye kubana, kwa kawaida lina damu. Msichana wetu alianguka saa kumi jioni, na kufikia saa kumi na mbili hakuweza kukunja goti. Hiyo ni dalili ya kuchanika kwa kano na huenda pia ya kumegeka kwa mfupa. Anapaswa kupigwa picha ya eksirei, hata kama pia iko mahali pake. Mwambie tabibu saa ya kuumia na saa ya kuvimba, na uulize iwapo picha imeonyesha kipande kilichomegeka. Kipande kidogo cha gegedu huenda kisionekane kwenye eksirei. Hivyo goti linalokwama au kukatalia njiani linapokunjwa linahitaji uchunguzi zaidi.

Rudi hospitali bila kuchelewa ikiwa huwezi kukanyaga hatua nne, ikiwa una homa na goti limekuwa jekundu na la moto, au ikiwa misuli ya nyuma ya mguu imevimba na kuuma.

Kuzuia kurudia

Kano lililochanika huweza kupona likiwa limelegea. Ndiyo maana aliyewahi kutoka pia huwa katika hatari ya kutoka tena, na hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa wenye umri mdogo. Kinga iliyo mikononi mwa mgonjwa ni misuli. Mguu uliofungwa hupoteza nguvu za paja haraka, hivyo usiuache umefungwa kupita muda uliopangwa na tabibu.

Tabibu akiruhusu, anza hivi: kaa na mguu ulionyooka, weka taulo lililoviringishwa chini ya goti, ulikandamize kwa kukaza paja, uhesabu hadi tano, kisha ulegeze. Fanya mara 10, mara tatu kwa siku. Maumivu yakipungua, inua mguu ulionyooka kiasi cha sentimita 30 kutoka kitandani. Kisha lala ubavu na uinue mguu wa juu, ili kuimarisha misuli ya nyonga inayozuia paja kuzunguka ndani. Baadaye, unapochuchumaa nusu, hakikisha goti linaelekea kwenye kidole cha pili cha mguu wala haliingii ndani.

Vifaa vya kubana goti vinavyouzwa madukani vinaweza kusaidia, lakini havichukui nafasi ya mazoezi. Kabla ya kununua, pima mzunguko wa paja lako kwa utepe na ulinganishe na jedwali la vipimo lililo kwenye kasha. Kilicholegea hakishiki kitu. Dai risiti, na usikubali ahadi ya muuzaji kwamba kifaa pekee kitaponya kano.

Msichana wetu asirudi uwanjani kwa kuhesabu wiki tu. Arudi pale uvimbe umekwisha, goti linakunjika na kunyooka sawa na la pili, na anaweza kuruka kwa mguu ulioumia umbali unaokaribiana na ule wa mguu mzima bila goti kuyumba. Mara nyingi hilo huchukua miezi mitatu au zaidi. Pia ikitoka kwa mara ya pili, aombe rufaa kwa daktari bingwa wa mifupa, kwani wakati huo upasuaji wa kurekebisha kano huweza kuhitajika.