Pancha Isiyo na Msumari

Gari ni Toyota Noah iliyotoka Japani, inatumika Tanga mjini, na tairi lake la mbele kulia lina tabia ya kuchosha. Jumatatu linajazwa upepo hadi psi 32; ikifika Ijumaa geji inasoma 24. Fundi wa kwanza alilivua gurudumu, akalizamisha kwenye pipa la maji na kulizungusha taratibu akitafuta mapovu. Hakuona hata moja. Akashauri liwekwe tyubu, yaishe.

Fundi wa pili hata jeki hakuitafuta. Alifungua kifuniko cha valvu, akapaka mate kidogo kwenye mdomo wake. Mate yakatulia, hayakutoa povu. Kisha akamwaga maji ya sabuni pale valvu inapotokea kwenye rimu, akaishika kwa kidole gumba na kuipinda kidogo kidogo, huku na huku. Ilipolalia upande wa ukingo wa rimu, povu likaanza kuchemka chini yake. Akaiachia, povu likakoma. Akaipinda tena, likarudi. Mpira ulikuwa na ufa mwembamba kwenye shingo, ambao ulijifunga gari likiwa limesimama na kufunguka likiwa mwendoni. Ndiyo maana pipa la maji halikuonyesha kitu.

Valvu ya tairi lisilo na tyubu, kwenye gari dogo la kawaida, ni kijiti kifupi cha mpira ambacho ndani yake mna mrija wa shaba njano. Kimevutwa kwa nguvu kupitia tundu la rimu lenye upana wa takriban milimita 11 na nusu, na mpira wenyewe ndio unaoziba tundu hilo. Hakuna nati wala gundi. Ndani ya mrija imefungwa sehemu ndogo yenye nyuzi za skrubu, springi na pini nyembamba katikati. Tuiite moyo wa valvu. Ukiibonyeza pini, upepo unatoka. Ukiiachia, springi na upepo wa tairi wenyewe vinaifunga tena. Muundo huu ulipewa hataza Marekani mwaka 1893 kwa jina la Schrader, na mpaka leo kifaa cha kujazia upepo cha fundi wa Tanga kinaingia sawasawa kwenye gari lililoundwa nchi yoyote.

Kwa hiyo upepo una njia mbili za kutorokea hapo, na kila moja ina tiba yake. Mate yakitoa povu mdomoni, mwenye kosa ni moyo. Huo hubadilishwa bila kulivua tairi kwenye rimu: gari linanyanyuliwa kwa jeki, moyo wa zamani unafunguliwa kwa kifunguo chake kidogo, mpya unaingizwa na kukazwa kwa vidole viwili, basi. Anayeukaza kwa nguvu zake zote anauponda mpira wake mdogo na kuanzisha uvujaji mwingine. Lakini povu likitokea shinani, valvu nzima ndiyo iliyokufa, na hapo hakuna cha kubandika. Gundi inayopakwa juu ya ufa hukauka na kuwa ngumu, ilhali mpira unaendelea kupinda. Safari chache tu, inabanduka.

Mpira wa valvu huuawa na mambo mawili yanayosaidiana. La kwanza ni hewa yenyewe. Ozoni iliyomo hewani hushambulia mpira uliovutwa na kuufungua nyufa ndogondogo, na jua pamoja na joto la breki huharakisha kazi hiyo. Watengenezaji huchanganya dawa ndani ya mpira kuuzuia usipasuke mapema. Mchanganyiko ukikosewa, mambo huharibika haraka: mwaka 2008 nchini Marekani mamilioni ya valvu za mpira zilizotengenezwa China mwaka 2006 zilitakiwa kurudishwa, kwa kuwa nyufa zilikuwa zikijitokeza zingali changa. Kwa macho zilifanana kabisa na valvu nzuri.

La pili ni mzunguko. Gurudumu la Noah yetu likienda kilomita 100 kwa saa, kila kitu kilicho kwenye valvu kinasukumwa nje kwa nguvu inayofikia takriban mara 130 ya uzito wake. Kifuniko cha plastiki cha gramu moja kinavuta kama gramu 130. Kifuniko cha chuma cha gramu 5, kile chenye umbo la risasi au fuvu ambacho vijana wanapenda, kinavuta zaidi ya nusu kilo, nacho kiko kwenye ncha kabisa, mbali na shingo inayobeba mzigo wote. Gari likisimama valvu inajinyoosha, likiondoka inapinda, na shingo hiyo ndiyo inayofanya kazi ya bawaba siku zote. Ukiuliza maoni yangu, pambo hilo lisiwekwe kamwe kwenye valvu ya mpira. Hali kadhalika valvu iliyo ndefu kuliko ilivyohitajika: ncha ikiwa mbali, shingo inachoka mapema.

Swali la lini kubadilisha lina jibu fupi. Valvu ya mpira ibadilishwe kila tairi jipya linapofungwa, hata kama ya zamani inaonekana nzima. Tairi litaishi miaka kadhaa, na valvu iliyokwisha kuzeeka haitafika naye mwisho wa safari. Ikipasuka katikati, tairi itabidi livuliwe tena kwa ajili ya kitu ambacho ni rahisi kuliko bidhaa karibu zote katika duka la matairi. Nje ya hapo, pinda valvu zako kwa kidole mara moja moja na utazame shingo kwenye mwanga wa jua. Nyufa zilizozunguka kama pete, mpira mgumu usiorudi vizuri ukiachiwa, au alama ya kukwaruzwa na ukingo wa barabara zinatosha kuihukumu. Usisahau gurudumu la akiba. Valvu yake huzeeka hata bila kuzunguka, na hugundulika siku usiyotaka.

Kazi yenyewe si ndefu. Upepo unatolewa wote, upande mmoja wa tairi unatenganishwa na rimu, valvu ya zamani inakatwa kwa ndani na kuvutwa nje. Tundu linafutwa na kusuguliwa kutu, maana valvu mpya ikikaa juu ya kutu itavuja siku hiyohiyo. Mpya inalowanishwa kwa maji ya sabuni, inapitishwa kutoka ndani kwenda nje na kuvutwa kwa kifaa maalumu mpaka mfereji wake uingie kwenye ukingo wa tundu. Akichukua grisi au oili chafu badala ya sabuni, mzuie: mafuta ya petroli huvimbisha na kulainisha mpira. Baada ya kujaza, maji ya sabuni yamwagwe tena na valvu ipindwe. Jaribio lisilo na kupinda ndilo lililomdanganya fundi wa kwanza.

Na lile shauri lake la tyubu? Lingezuia uvujaji kwa muda, kwani valvu ya tyubu ingepita kwenye tundu lilelile. Ila tyubu ndani ya tairi lililoundwa kutembea bila tyubu hujisugua na kupata joto, na ikitoboka upepo hutoka kwa kishindo badala ya polepole. Kuinunua kwa sababu ya ufa wa valvu ni kulipa zaidi ili upate tairi la hatari zaidi.

Valvu ya chuma haivutwi kwenye tundu, inafungwa. Ina kitako ndani ya rimu, washa ya mpira, na nati inayokazwa kwa nje. Haipindi mwendoni, na inabeba upepo mwingi zaidi. Mtu asidhani hata hivyo kwamba ameepukana na mpira: ile washa ndiyo inayozuia upepo, nayo huzeeka, hubonyea, huacha njia. Tairi jipya likifungwa, washa, nati na moyo vibadilishwe, mrija wa chuma ubaki kama haujaliwa na kutu. Ikianza kuvuja pembeni mwa nati, usikimbilie kuikaza. Mara nyingi washa imekwisha, na kukaza zaidi kunaimaliza au kukata nyuzi.

Je, gari la kawaida linaihitaji? Noah, Vitz au IST yenye upepo wa 32 haina haja nayo. Valvu ya mpira ya kawaida, ile ambayo pakiti yake huandikwa TR413, imekusudiwa upepo usiozidi psi 65 tairi likiwa baridi, na mwendo wa chini ya kilomita 210 kwa saa. Kwa gari dogo ni nafasi kubwa. Mahali pa kuangalia ni Haisi za abiria na pikapu za mizigo. Tairi la Haisi lililoandikwa 195R15C 8PR hubeba mzigo wake wote likiwa na upepo wa psi 65 hivi, yaani liko kwenye ukingo kabisa wa uwezo wa valvu ya gari dogo, kisha barabarani linapata joto na upepo unapanda. Humo iwekwe ya chuma, au ile ya mpira mnene iliyotengenezwa kwa upepo mkubwa. Tatizo ni kwamba valvu ya gari dogo inaingia kwenye tundu la rimu nyingi za Haisi bila ubishi, na fundi mwenye haraka atachukua iliyo karibu. Muulize kabla hajavuta.

Kuna pia magari yenye sensa ya upepo ndani ya gurudumu. Sheria za Marekani zililazimisha mfumo wa kuonya upepo ukipungua kwenye magari madogo yote mapya kuanzia Septemba 2007, na Ulaya ikafuata kwenye magari yote mapya ya abiria mwaka 2014. Nyingi za sensa hizo hushikiliwa na valvu ya alumini, na ukanda wa pwani, kuanzia Mombasa hadi Mtwara, ni adui yake. Alumini ikigusana na shaba njano penye unyevu wa chumvi, alumini huliwa. Unga mweupe hujaa kwenye nyuzi, moyo au kifuniko kinaganda, na anayekilazimisha kwa koleo huvunja shina lote pamoja na kuiweka sensa hatarini. Kwenye valvu ya alumini moyo uwe wenye ngozi ya nikeli, ambao ni mweupe badala ya wa njano, na kifuniko kiwe cha plastiki.

Kifuniko chenyewe kina kazi ndogo ila ya kweli. Moyo ndio unaozuia upepo, lakini valvu iliyoachwa wazi hukusanya mchanga na matope mdomoni, na siku ya kujaza, upepo wa mashine huyasukuma yote hadi kwenye kiti cha pini, ambapo chembe moja inatosha kuanzisha uvujaji. Chagua cha plastiki chenye kiringi cha mpira ndani; kile kinazuia vumbi na pia hushikilia kiasi upepo moyo unapolegea. Kikipotea, kabla ya kujaza bonyeza pini kwa sekunde moja ili upepo wa tairi uupulize mchanga nje, ndipo uunganishe mpira wa mashine.