Umanjano wa Macho kwa Mgonjwa wa Selimundu: Mkojo na Choo Husema Nini?

Wagonjwa wengi wa selimundu huishi na umanjano wa macho tangu utotoni. Hali hiyo ikizoeleka, huzua hatari mbili zinazopingana. Ya kwanza ni kudhani kwamba kila macho yanapoonekana ya njano ini limeharibika, na hivyo mgonjwa hupewa dawa asizozihitaji, zikiwemo za mitishamba ambazo baadhi yake huliumiza ini lililokuwa zima. Ya pili ni kudhani kwamba umanjano ni ule ule siku zote, hata siku ambayo umebadilika na kuwa ugonjwa mwingine kabisa. Makala hii inaeleza umanjano huo hutoka wapi, na namna rangi ya mkojo na ya choo inavyomwezesha mgonjwa na mhudumu wa afya kutambua mabadiliko hayo mapema. Umanjano tunaouzungumzia ni dalili tu. Haupaswi kuchanganywa na homa ya manjano, ambayo ni ugonjwa wa virusi vinavyoenezwa na mbu.

Hemu: jinsi inavyojengwa

Wekundu wa damu hutokana na hemu, kiini kidogo chenye umbo la pete na chembe moja ya madini ya chuma katikati. Kila molekuli ya hemoglobini hubeba hemu nne, na chuma kilichomo ndicho kinachoshika oksijeni.

Sehemu kubwa ya hemu hutengenezwa katika uboho wa mifupa, na nyingine hasa katika ini. Kazi hiyo ina hatua nane. Huanza ndani ya mitokondria, ambako asidi-amino iitwayo glaisini huunganishwa na kiambata kiitwacho saksinili-koenzimu A kwa msaada wa vitamini B6. Hatua za katikati hufanyika nje ya mitokondria, kisha kazi hurudi ndani kwa hatua za mwisho, na katika ile ya mwisho kabisa chuma hutiwa katikati ya pete. Mtu mwenye upungufu wa chuma hukwama katika hatua hiyo ya mwisho. Kwa kuwa hemu haikutengenezwa ya kutosha, hakuna ziada ya kuvunjwa, na ndiyo maana mtu huyo huwa mweupe wa viganja na utando wa macho lakini hawi wa njano. Upungufu wa damu unaoambatana na umanjano huelekeza fikra kwingine: damu ilitengenezwa, kisha ikavunjwa kabla ya wakati wake.

Hemu: jinsi inavyovunjwa

Chembe nyekundu ya kawaida huishi takribani siku 120. Ikizeeka, humezwa na seli walaji zilizomo katika wengu, ini na uboho. Ndani ya seli hizo protini ya hemoglobini hurudishwa katika akiba ya mwili, na hemu hupasuliwa na kimeng'enya kiitwacho hemu-oksijenasi. Pete ikifunguka, chuma hutolewa na kurudishwa kwenye uboho kutumika tena. Kinachobaki ni rangi ya kijani iitwayo biliverdini, ambayo mara hubadilishwa kuwa rangi ya njano iitwayo bilirubini. Mabadiliko haya huonekana hata kwenye vilio la damu chini ya ngozi: mahali palipogongwa huanza kuwa pekundu au peusi, kisha pa kijani, mwisho pa njano.

Mtu mzima mwenye afya hutengeneza kiasi cha miligramu 250 hadi 300 za bilirubini kila siku. Bilirubini hii mpya haiyeyuki katika maji, hivyo husafiri katika damu ikiwa imebebwa na protini iitwayo albumini. Mzigo huo mkubwa haupiti katika vichujio vya figo. Kwa hiyo bilirubini ya aina hii, hata ikizidi katika damu, haionekani katika mkojo. Huu ndio msingi wa kila jambo litakalofuata.

Ikifika kwenye ini, bilirubini huunganishwa na asidi ya glukuroniki, ikawa yenye kuyeyuka katika maji. Bilirubini iliyounganishwa humiminwa katika nyongo na kushuka hadi utumbo. Huko bakteria huigeuza kuwa urobilinojeni, na sehemu kubwa yake huishia kuwa rangi ya kahawia ya choo. Sehemu ndogo hufyonzwa, hurudi katika damu, na kiasi kidogo chake hutoka kwa mkojo.

Kwa mgonjwa wa selimundu

Chembe nyekundu zenye umbo la mundu huishi takribani siku 10 hadi 20 tu. Wingi wa hemu inayovunjwa hupanda, na bilirubini isiyounganishwa hupanda pamoja nayo. Ini zima lina uwezo mkubwa wa kuongeza kasi, hivyo umanjano wa kuvunjika kwa damu peke yake kwa kawaida huwa wa wastani: jumla ya bilirubini ni nadra kuzidi mikromoli 85 kwa lita, ilhali kwa mtu asiye na ugonjwa haizidi takribani 20.

Tuchukue mfano wa kufundishia. Kijana wa miaka 17 mwenye selimundu huhudhuria kliniki kila baada ya miezi mitatu. Macho yake ni ya njano, choo chake ni cha kahawia iliyokolea, na hawashwi mwili. Hemoglobini yake ni gramu 7.8 kwa desilita, na chembe nyekundu changa ni nyingi, ishara kwamba uboho unafanya kazi kwa bidii. Jumla ya bilirubini ni mikromoli 58 kwa lita, na katika hiyo 6 tu ndiyo iliyounganishwa. Vimeng'enya vya ini havikupanda sana. Kijiti cha kupimia mkojo kinaonyesha urobilinojeni imezidi, lakini hakuna bilirubini.

Picha hii inajieleza yenyewe. Bilirubini nyingi isiyounganishwa imebebwa na albumini, ndiyo maana haimo katika mkojo. Ini linaunganisha na kumimina kwa wingi, ndiyo maana choo kimekolea na urobilinojeni imeongezeka. Njia ya nyongo iko wazi. Umanjano huu hauhitaji dawa ya ini. Na kwa kuwa chuma cha chembe zilizovunjika hurudi katika akiba, mgonjwa huyu hapaswi kupewa dawa za chuma ila vipimo vimeonyesha upungufu. Anachohitaji kila siku ni asidi ya foliki, kwa sababu uboho unaotengeneza chembe kwa kasi huitumia kwa wingi.

Siku umanjano ulipobadilika

Miezi michache baadaye mama yake anamleta kabla ya tarehe ya kliniki. "Daktari, macho ya mwanangu tumeyazoea," anasema, "lakini mkojo wake siku hizi ni kama chai ya rangi, na choo kimekuwa cheupe kama majivu. Na usiku halali kwa kujikuna." Kijana ana maumivu chini ya mbavu za kulia yaliyoanza baada ya chakula cha jioni.

Vipimo vinaonyesha jumla ya bilirubini ya mikromoli 210 kwa lita, na katika hiyo 150 ni iliyounganishwa. Hemoglobini haijashuka, kwa hiyo ongezeko hili haliwezi kuelezwa kwa kuvunjika zaidi kwa damu. Kijiti cha mkojo sasa kinaonyesha bilirubini nyingi, na urobilinojeni imetoweka. Picha ya ultrasaundi inaonyesha vijiwe katika kifuko cha nyongo, na mrija mkuu wa nyongo umetanuka.

Sababu yake ni ile ile iliyoanza utotoni. Bilirubini ikimiminwa katika nyongo kwa wingi miaka nenda miaka rudi, sehemu yake huungana na kalsiamu na kuganda kuwa vijiwe vyeusi. Kijiwe kimoja kikitoka kwenye kifuko na kuziba mrija, bilirubini ambayo ini limeshaiunganisha hukosa njia na kurudi katika damu. Kwa kuwa huyeyuka katika maji, hupita katika figo na kuukoleza mkojo. Utumbo nao haupati rangi, hivyo choo hupauka. Na kwa kuwa chembe nyekundu zinaendelea kuvunjika nyuma ya kizuizi, bilirubini hupanda juu sana.

Kijana hutolewa kijiwe kwa mpira wenye kamera unaopitishwa mdomoni, na baadaye hupangiwa upasuaji wa kuondoa kifuko cha nyongo. Mkojo na choo hurudia rangi zake mapema, lakini macho hubaki na umanjano uliokolea kwa wiki kadhaa. Jambo hilo lisimtishe mtu. Sehemu ya bilirubini iliyounganishwa hujigandisha kabisa kwenye albumini, nayo huondoka tu kadiri albumini yenyewe inavyochakaa, kwa wiki mbili tatu. Hatimaye macho hurudi kwenye umanjano wake wa zamani, si weupe.

Mipaka ya ishara hizi

Mkojo wenye bilirubini husema kwamba kuna tatizo ndani ya ini au mbele yake, lakini hausemi ni lipi. Homa ya ini itokanayo na virusi, au chembe za mundu kuziba mishipa midogo ndani ya ini, huweza kuukoleza mkojo vilevile. Vimeng'enya vya ini na ultrasaundi ndivyo vinavyotenganisha hali hizo.

Aidha, si kila mkojo mweusi ni wa bilirubini. Mgonjwa mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, akitumia dawa isiyomfaa kama primakwini, huweza kuvunjikiwa na chembe ndani ya mishipa yenyewe. Hapo hemoglobini humwagika katika damu na kupita katika figo. Mkojo huwa mwekundu au mweusi kama kola, kijiti huonyesha damu lakini hakionyeshi bilirubini, na darubini haioni chembe nyekundu. Choo hakipauki, na mgonjwa hupungukiwa na damu kwa haraka.

Kwa mtoto mchanga, ishara za mkojo na choo hazitoshi kabisa. Ini lake bado halijakomaa katika kuunganisha, na bilirubini isiyounganishwa ikizidi huweza kuingia katika ubongo na kuudhuru daima. Mtoto mwenye umanjano ndani ya saa 24 za kwanza lazima apimwe siku hiyo hiyo, hata kama mkojo wake ni mweupe.

Kwa mgonjwa wa selimundu nyumbani, kipimo cha kila siku ni kutazama mkojo na choo. Mkojo wa asubuhi ukiwa umekolea, na anywe maji kwanza, kwani figo za mgonjwa huyu na hali ya hewa ya joto huweza kumpotosha. Ukibaki kama chai ya rangi baada ya kunywa vya kutosha, au choo kikipauka, na aende kituoni siku hiyo. Homa na kutetemeka vikiongezeka juu ya umanjano na maumivu ya upande wa kulia, huenda mrija ulioziba umeingia maambukizi. Hapo safari ya hospitali isingoje asubuhi.