Namba Tofauti, Lenzi Ileile

Karatasi ya vipimo vya miwani inayosomeka −1.00 +1.50 × 90 na nyingine inayosomeka +0.50 −1.50 × 180 zinaagiza lenzi ileile kabisa. Hilo huwashtua wateja wengi, kwa kuwa namba ya kwanza ilikuwa hasi kwa daktari na imegeuka chanya dukani. Mtu aliyeambiwa kwamba haoni mbali ana haki ya kuuliza alama ya kujumlisha imetoka wapi.

Jibu limo katika maana ya namba zenyewe. Jicho ambalo konea yake haikupinda sawasawa pande zote huhitaji nguvu moja ya lenzi kwa wima na nyingine kwa mlalo, na huo ndio ugonjwa uitwao astigmatizimu. Kwa mfano huu, jicho linahitaji −1.00 kwa wima na +0.50 kwa mlalo. Nguvu hizo mbili ndizo ukweli wa jicho. Karatasi ni namna tu ya kuziandika. Mwandishi huchagua moja iwe mwanzo, kisha anataja tofauti iliyopo hadi kuifikia ya pili. Tofauti hiyo huitwa silinda, na namba ya mwisho, yaani mhimili, huonyesha kwa digrii upande ambao silinda haina nguvu yoyote. Digrii 90 ni wima, 180 ni mlalo. Anayeanza na −1.00 hana budi kuongeza 1.50 ili afike +0.50, na anayeanza na +0.50 hana budi kupunguza kiasi hichohicho.

Kugeuza kunafuata hapo. Namba ya kwanza hujumlishwa na silinda pamoja na alama yake: −1.00 na +1.50 hufanya +0.50. Silinda hubaki na ukubwa wake lakini alama hupinduliwa. Mhimili husogezwa digrii 90: ukiwa 90 au chini yake huongezwa 90, ukizidi hapo hupunguzwa 90. Kwa hiyo 90 huwa 180, na 135 huwa 45.

Kwa nini basi watu wasikubaliane kuandika kwa njia moja? Kila upande una sababu yake. Madaktari bingwa wa macho, hasa wa Marekani, wamezoea silinda chanya, na kwa mpasuaji ina faida ya wazi: mhimili wake huelekea upande ambao konea imepinda zaidi. Baada ya upasuaji, upande huo unaweza kumwonyesha uzi uliokazwa mno. Wapimaji wa miwani wengi hupendelea silinda hasi, kwa kuwa inarahisisha kupima bila kulichochea jicho lijikaze, jambo linaloweza kupotosha vipimo, hasa kwa vijana. Nao wanaotengeneza lenzi siku hizi huchonga silinda upande wa nyuma, ulio karibu na jicho, na upande huo uliobonyea hufuata hesabu ya silinda hasi. Ndiyo sababu fundi akipokea karatasi ya silinda chanya huiandika upya kabla ya kuagiza.

Makosa ya kazi hii yana sura zinazotambulika. Fundi akigeuza alama na mhimili lakini akasahau kujumlisha, lenzi hutoka −1.00 −1.50 × 180, yaani imepungua 1.50 kila upande. Kosa hili hunaswa kwa hesabu fupi: namba ya kwanza ikijumlishwa na nusu ya silinda, jibu lazima liwe lilelile kabla na baada ya kugeuza. Hapa sahihi ni −0.25 kwa namna zote mbili. Lenzi iliyokosewa inatoa −1.75.

Kosa baya zaidi ni kusahau mhimili. Lenzi ya +0.50 −1.50 × 90 hupita hesabu hiyo bila tatizo, ilhali nguvu za wima na mlalo zimebadilishana nafasi. Badala ya kuondolewa, astigmatizimu ya 1.50 inakuwa 3.00, na mvaaji huona vibaya kuliko akiwa hana miwani. Kwa hiyo njia ya uhakika ni kurudi kwenye nguvu mbili za jicho na kuzilinganisha upande kwa upande.

Tahadhari hiyohiyo inahusu karatasi ya zamani na mpya: zisilinganishwe kabla hazijaandikwa kwa namna moja, la sivyo jicho ambalo halijabadilika litaonekana limebadilika sana. Nguvu ya ziada ya kusomea, kwa wanaovaa lenzi za sehemu mbili, haiguswi na ugeuzaji, ikiwa +2.00 inabaki +2.00.