Ng'ombe aliyeingia kisandukuni

Tuseme mchezo wa simu kuhusu ufugaji, uliotengenezwa kwa Kiingereza, unaongezewa Kiswahili. “Quit” inakuwa “Ondoka”, na “Settings” inakuwa “Mipangilio”. Upana wa vitufe ulipimwa kwa maneno ya mwanzo, hivyo maneno mapya yanamwagika nje ya ukingo. Wengi hukimbilia kuyaacha maandishi yajipunguze yenyewe. Matokeo yake kila kitufe kina herufi za ukubwa wake, na skrini inaonekana kama kazi ya mafundi watano wasiosemezana. Afadhali kitufe kitanuke kufuata neno, na kibakiwe na nafasi kidogo kila upande.

Kisha mchezaji anafungua zizi na kukuta “Ng□ombe”. Inashangaza, maana Kiswahili hakina herufi zenye vikorombwezo. Mkosaji ni ritifaa. Mfasiri aliandika kwenye programu ya kuandikia nyaraka, nayo ikaigeuza ritifaa iliyonyooka (') kuwa iliyopinda (’), yaani U+2019. Fonti ya mchezo ilibebeshwa herufi na alama 95 za msingi tu, na hiyo haimo. Ama uiongeze kwenye fonti na kuijenga upya, ama unyooshe ritifaa zote kwenye faili la tafsiri.

Lakini ukiona “Ngâ€™ombe” badala ya kisanduku, usiiguse fonti. Hapo faili limehifadhiwa kwa UTF-8, kisha mchezo ukalisoma kama Windows-1252.