Kompyuta pepe isiyokwamakwama

Kompyuta pepe inaweza kuwa na wastani mzuri wa kasi, kisha ghafla ikakwama: sauti inakatika, hifadhidata inachelewa kujibu. Kwenye KVM, kila prosesa pepe ni uzi tu wa Linux, na kerneli huuhamisha kutoka kiini hiki hadi kile. Kila unapohama, data iliyokuwa kwenye kashe ya kiini cha zamani huachwa nyuma.

Dawa ni kuufunga uzi mahali pamoja. Endesha `lscpu -e` uone namba zipi zinatumia kiini kimoja. Tuseme ni 2 na 6:

```
virsh vcpupin mgeni 0 2
virsh vcpupin mgeni 1 6
```

Hapa ndipo wengi hukosea. Amri hizi zinamzuia mgeni asihame, lakini haziwazuii wengine kuingia. Ukiingia ndani ya mgeni na kuona `st` kwenye `top` inapanda, kuna kazi nyingine inayogombea kiini hicho, ihamishie kwingine.

Kumbukumbu nayo ina kero yake. Kwa kurasa za kawaida za KiB 4, mgeni wa GiB 8 ana kurasa zaidi ya milioni 2, na prosesa hushika anwani chache tu kwa wakati mmoja. Kwa kurasa za MiB 2, zinabaki 4,096. Zitenge mashine inapowaka, kabla kumbukumbu haijamegekamegeka, kisha weka `<hugepages/>` ndani ya `<memoryBacking>` kwenye faili la mgeni. Ukisahau hilo, hatazitumia kurasa ulizotenga, na GiB 8 zitakaa bure. Ukizitenga pungufu, hatawaka kabisa.