Saa ya mtafsiri inauzwa shilingi ngapi?

Mtafsiri aliyeacha ajira na kuanza kujitegemea hujikuta mapema sana akiulizwa swali moja: "Unatoza kiasi gani?" Wengi hujibu kwa hesabu ya haraka. Mshahara ulikuwa 1,500,000 kwa mwezi, mwezi una siku 22 za kazi, kila siku saa 8. Ukigawanya unapata shilingi 8,500 na kitu kwa saa. Anaitaja bei hiyo, mteja anakubali papo hapo, na miezi sita baadaye anafanya kazi hadi usiku huku kodi ya nyumba ikimshinda.

Kugawanya kwenyewe hakuna kosa. Kosa liko katika namba zote mbili zilizowekwa. Ile 1,500,000 ni pesa iliyobaki baada ya mwajiri kulipa mengi ambayo mfanyakazi hakuyaona, na zile saa 176 ni saa za kuwa ofisini, yakiwemo maji, vikao na kusubiri. Anayejitegemea hulipwa kwa saa za kutafsiri tu. Kwa hiyo namba ya juu inapaswa kupanda na ya chini inapaswa kushuka.

Tuchukue mtafsiri wa mfano anayeishi Dar es Salaam na kutafsiri kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili: ripoti za miradi, vipeperushi vya afya, madodoso ya utafiti, mara mojamoja mkataba. Anataka abaki na shilingi 1,500,000 mkononi kila mwezi. Ni vizuri aifanye hesabu kwa mwaka mzima, kwa sababu miezi ya kazi hii hailingani. Januari inaweza kuwa kavu kabisa, na Juni ikaleta ripoti tatu kwa wakati mmoja. Kwa mwaka basi anahitaji 18,000,000.

Juu yake aongeze gharama za kazi: intaneti, umeme, simu, programu, makato ya benki, pamoja na kompyuta ambayo baada ya miaka mitatu au minne itahitaji kubadilishwa. Kwa mtu anayefanyia kazi nyumbani tuweke 200,000 kwa mwezi, yaani 2,400,000 kwa mwaka. Kisha kuna uzee na ugonjwa. Katika sekta binafsi Tanzania, mchango wa NSSF ni 20% ya mshahara, na mwajiri akikata sehemu kwa mfanyakazi, haruhusiwi kuzidisha nusu. Ukijitegemea, ile nusu ya mwajiri haina mlipaji mwingine ila wewe. Tuweke 300,000 kwa mwezi kwa akiba ya uzeeni na bima ya afya, yaani 3,600,000 kwa mwaka.

Inabaki kodi ya mapato, na hapa ndipo watu hudanganyika. Hukadiria asilimia ya kile wanachotaka kubaki nacho, wakati kodi hutozwa kwenye pato kabla halijapunguzwa. Tanzania Bara, kipande cha pato la mtu binafsi kinachozidi 1,000,000 kwa mwezi hutozwa 30%, na vipande vya chini yake hutozwa kidogo zaidi. Ili abaki na 21,600,000, yaani ile milioni 18 pamoja na akiba na bima, mtafsiri wetu anahitaji faida ya takriban 27,900,000, ambayo kodi yake ni kama 6,300,000. Ukirudisha gharama za kazi, ankara zake za mwaka zinapaswa kufikia 30,300,000. Kwa mwezi ni zaidi kidogo ya milioni mbili na nusu. Hiyo ndiyo 1,500,000 ilivyo ukiitazama kutoka upande wa mwajiri.

Mteja akikukata 5% ya kodi ya zuio, usiione kama hasara mpya wala usiihesabu mara ya pili. Ni sehemu ya kodi ya mwaka iliyotangulia kulipwa, nawe una haki ya cheti chake ili ipunguzwe wakati wa hesabu za mwisho. Asiyedai cheti ndiye anayelipa mara mbili.

Sasa saa. Mwaka ukiondoa Jumamosi na Jumapili unabaki na siku 261. Ondoa sikukuu zinazoangukia siku za kazi, tuseme 13. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 28 za likizo, ambazo ukiondoa wikendi ni siku 20 za kazi, na sioni kwa nini anayejitegemea ajinyime. Weka siku 8 za homa, misiba na shughuli za ukoo. Zimebaki 220.

Katika siku hizo si zote zitakuwa na kazi. Mteja anaahidi faili Jumatatu, linafika Alhamisi. Mradi mmoja unaisha na mwingine haujasainiwa. Kudhani kwamba siku 180 zitakuwa na kazi ya kulipwa si kukata tamaa, ni makadirio ya mtu mwenye wateja kiasi. Na ndani ya siku yenye kazi, saa za kulipwa hazifiki 8. Kuna barua pepe, kutoa makadirio, kuandika ankara, kufuatilia ankara ya mwezi juzi, kutafuta wateja. Zaidi ya hayo, akili inayochagua maneno huchoka. Saa 5 za kutafsiri kwa makini ni siku nzuri. Siku 180 kwa saa 5 ni saa 900 kwa mwaka.

Gawanya 30,300,000 kwa 900: shilingi 33,700 kwa saa, ukikadiria. Ni karibu mara nne ya ile bei ya kwanza, na mtu huyu hajaongeza anasa yoyote. Anaishi maisha yaleyale ya mwenye mshahara wa 1,500,000.

Lakini wateja wengi hawanunui saa. Wananunua neno au ukurasa, na ni haki yao, kwa kuwa hawawezi kujua kama unafanya kazi haraka au unajivuta. Bei ya saa basi ni kipimo chako cha ndani, na unahitaji kujua kasi yako ili kuigeuza. Kasi haipimwi kwa kuangalia vidole vinavyokimbia kwenye rasimu. Washa saa unapofungua faili na uizime unapolituma, ukihesabu kusoma matini kwanza, kutafuta istilahi, kutafsiri, kupitia upya ukilinganisha na matini asilia, na kupanga majedwali yaliyovurugika. Gawanya idadi ya maneno kwa saa zote hizo. Fanya hivyo kwa kazi kadhaa za aina tofauti, maana kipeperushi cha chanjo na mkataba wa mkopo haviendi kwa mwendo mmoja.

Tuseme mtafsiri wetu anapata maneno 300 kwa saa kwenye ripoti za kawaida na 200 kwenye mikataba. Bei yake kwa neno ni shilingi 112 kwa ripoti na karibu 170 kwa mkataba. Anayetoza bei moja kwa kila kitu hujikuta anaufadhili mkataba kwa pesa ya ripoti, na wenye mikataba humjia kwa wingi kwa sababu ameurahisisha.

Taja pia ni maneno ya upande gani yanayohesabiwa. Kitenzi cha Kiswahili hubeba nafsi, wakati na mtendwa ndani ya neno moja. "Hawatatusahau" kwa Kiingereza ni maneno matano. Kwa hiyo tafsiri ya Kiswahili kwa kawaida huwa na maneno machache kuliko matini yake ya Kiingereza, na anayekubali kulipwa kwa maneno ya Kiswahili hupunguziwa ujira bila mtu kutaja punguzo. Kuhesabu matini asilia kuna faida nyingine: pande zote mbili zinajua bei kabla kazi haijaanza. Ukitafsiri kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza, mambo yanageuka, na bei kwa neno la Kiswahili inapaswa kupanda ili saa ibaki na thamani ileile.

Kazi ndogo zinahitaji kanuni yake. Cheti cha kuzaliwa chenye maneno 120 kingeleta shilingi 13,440 kwa bei ya neno, lakini kupanga mihuri na visanduku, kuhakiki tahajia za majina na kujibizana na mwenye cheti kunakula saa nzima. Weka kima cha chini sawa na bei ya saa moja, ukitaje mapema.

Wakala wengi wa tafsiri hutumia programu za kumbukumbu za tafsiri, kama Trados au memoQ, nao huomba punguzo kwa sentensi zinazofanana na zilizokwisha kutafsiriwa. Ombi hilo linaweza kuwa la haki au la kuumiza, na kipimo ni saa ileile. Kama sentensi inayofanana kwa 80% inakuchukua nusu ya muda wa sentensi mpya, nusu bei ni sawa. Kama kumbukumbu yenyewe imejaa makosa na unaandika upya kila mstari, punguzo hilo linatoka mfukoni mwako. Fanya kurasa chache ukitazama saa kabla ya kukubali.

Baada ya miezi mitatu, hesabu irudiwe kwa namba halisi. Chukua ankara zilizotumwa, zigawanye kwa saa za kutafsiri zilizoandikwa, kisha tazama na kalenda. Kalenda ikiwa imejaa na lengo halijafikiwa, bei iko chini au kasi ilikadiriwa juu mno, na dawa ni kupandisha bei kwa wateja wapya kwanza. Kalenda ikiwa nusu tupu huku kila saa ya kulipwa inaleta 33,700, bei haina tatizo. Kinachokosekana ni wateja, na zile saa zisizolipwa ziende kuwatafuta.

Katika hali hii ya pili vishawishi vya kushusha bei huwa vikubwa, kwa hiyo tuone inavyokuwa. Mtafsiri wetu ashuke kutoka 112 hadi 90 kwa neno. Kwa maneno 300, saa yake sasa inaleta 27,000. Ili afikishe zile ankara za 30,300,000 anahitaji saa 1,122. Kwa saa 5 kwa siku, hizo ni siku 224 zenye kazi. Mwaka wake, hata kama kila siku ingekuwa na faili mezani tangu asubuhi, una siku 220.