Bando Linaisha Kabla ya Somo Kuanza

Mpwa wangu alinipigia simu jioni moja akiwa na uchungu wa kweli. "Mjomba, bando limekata na sijashusha kitu." Alikuwa amenunua GB 2, akarusha hotspoti kutoka kwenye simu, akaunganisha kompyuta aliyonunua kwa mtu, kisha akaanza kushusha VS Code, programu ya kuandikia msimbo. Faili lake ni la megabaiti 100 na kitu. Halikufika nusu.

Alidhani kampuni ya simu imemwibia. Nilimwambia afungue Settings, aingie Windows Update, kisha Advanced options, kisha Delivery Optimization, halafu abonyeze Activity monitor. Ukurasa huo huonyesha Windows imeshusha kiasi gani cha masasisho mwezi huo. Jibu lilikuwa pale: karibu bando lote lilikuwa limemezwa na masasisho ya Windows. Kompyuta ile ilikuwa imekaa miezi bila mtandao. Ilipouona tu, ikaanza kulipa madeni yake ya nyuma. Sasisho moja la mwezi huweza kuwa mamia ya megabaiti, na mara nyingine hupita GB 1.

Kompyuta haikufanya kosa lolote. Kwayo, hotspoti ya simu na Wi-Fi ya ofisini ni kitu kimoja, yaani mtandao usio na mwisho. Haijui kwamba kila megabaiti imetoka kwenye pesa ya nauli. Inabidi iambiwe, na kuna mahali pa kuiambia.

Katika Windows 11 unaunganisha hotspoti, unafungua Settings, unakwenda Network & internet, kisha Wi-Fi, unabonyeza properties za mtandao ulioungwa, na hapo unawasha Metered connection. Maana yake ni kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kipimo. Windows 10 nayo ina swichi hiyo, ikiitwa Set as metered connection. Ikishawashwa, Windows huacha kushusha sehemu kubwa ya masasisho yenyewe na duka la Microsoft hutulia. Rudi pia kwenye Advanced options za Windows Update uhakikishe kwamba swichi ya Download updates over metered connections imezimwa. Ikiwa imewashwa, masasisho yatapita hata kwenye mtandao ulioutia alama.

Alama hiyo hubandikwa kwenye jina la mtandao, haibandikwi kwenye kompyuta nzima. Jambo hili huwaponyoka wengi, na nadhani ndilo chanzo cha malalamiko mengi ya "niliwasha lakini bado linakata". Ukibadilisha jina la hotspoti, au ukaazima simu ya dada yako, kwa Windows huo ni mtandao mgeni usio na alama. Ukichomeka simu kwa waya wa USB badala ya kurusha hotspoti, kompyuta huiona kama Ethernet, na alama uliyoweka kwenye Wi-Fi haifuati huko. Kila mlango mpya utie alama yake kabla ya kufanya lolote.

Siku ya pili mpwa wangu alinunua bando jingine. Safari hii alitia alama kwanza, na VS Code ikashuka yote. Baada ya hapo nilimzuia mkono: "Zima hotspoti ndipo uifungue."

Sababu ni kwamba VS Code ina utaratibu wake wa kujisasisha, na viendelezi vyake vina utaratibu wao. Alama ya Windows ni tangazo tu. Programu inayolisoma hutii, isiyolisoma hupita. Usitegemee tangazo hilo pale ambapo programu ina swichi yake mwenyewe. VS Code ikijisasisha katika Windows hushusha faili zima la usakinishaji upya, si kipande kilichobadilika tu. Matoleo yake hutoka mara kwa mara, kwa hiyo zile megabaiti 100 na kitu hurudi tena na tena bila mtu kuziona.

Hotspoti ikiwa imezimwa, alifungua VS Code, akabonyeza Ctrl+Shift+P, akaandika Open User Settings (JSON), akaweka mistari hii:

```json
{
  "update.mode": "manual",
  "extensions.autoUpdate": false,
  "extensions.autoCheckUpdates": false,
  "extensions.ignoreRecommendations": true
}
```

Mstari wa kwanza unaiambia programu isijisasishe hadi wewe mwenyewe uchague Check for Updates kwenye menyu ya Help. Wa pili na wa tatu vinavizuia viendelezi visijishushe wala kwenda kuuliza kama kuna toleo jipya. Wa nne unaondoa vile vibango vinavyokushauri usakinishe kiendelezi hiki na kile kila unapofungua faili la aina mpya. Mwanafunzi huvibonyeza kwa kudhani ni sharti. Akishahifadhi, afunge programu na kuifungua tena, kisha ndipo awashe hotspoti.

Viendelezi vyenyewe ndivyo vinavyotaka macho zaidi. Vingine ni vifurushi: ukibonyeza Install mara moja, vinaingia vitatu au vinne. Kiendelezi cha Python huja na Pylance pamoja na kile cha kutafutia makosa. Hiyo inavumilika, ni makumi ya megabaiti. Kifurushi cha Java ni kizito zaidi, kwa kuwa ndani yake mna viendelezi kadhaa na kimojawapo hubeba Java yake yenyewe. Kabla ya kubonyeza, fungua ukurasa wa kiendelezi ndani ya VS Code usome sehemu ya Extension Pack. Hapo utaona majina ya wote watakaofuatana nacho.

Wakiwa wanafunzi wengi, hakuna haja ya kila mmoja kulipia faili lile lile. Katika orodha ya viendelezi, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya kiendelezi uchague Download VSIX. Utapata faili linaloingia kwenye flashi, na mwenzako atalisakinisha bila mtandao kwa amri hii:

```
code --install-extension jina-la-faili.vsix
```

VSIX ya kifurushi, hata hivyo, haibebi wenziwe ndani. Ukiisakinisha mtandao ukiwa wazi, itakwenda kuwashusha waliobaki. Kwa hiyo shusha faili la kila kiendelezi peke yake, na uanze kusakinisha wale wadogo kabla ya mkubwa wao. Angalia pia aina ya kompyuta, kwa sababu baadhi ya viendelezi vina faili tofauti kwa Windows na kwa Linux. Ukilikosea, VS Code itakukatalia.

Pamoja na Python, iliyokuwa yapata megabaiti 30, mzigo wa mpwa wangu haukufika megabaiti 300. Katika GB 2 alibakiwa na nafasi tele ya kusoma.

Kufuli hizi hazifai kukaa milele. Masasisho ya Windows huziba matundu ya usalama, na kompyuta iliyofungiwa mwaka mzima iko hatarini. Mpwa wangu hubeba kompyuta yake mara moja kwa mwezi hadi maktaba ya chuo, ambako Wi-Fi haina kipimo. Kwa kuwa mtandao ule hauna alama, Windows hujisasisha yenyewe. VS Code huisasisha kwa mkono kwenye Help, na viendelezi kwenye orodha yao. Huondoka pale jioni, na akifika nyumbani huirudia hotspoti yake, kwa jina lile lile ambalo amekataa kulibadilisha.